Wafawidhi wa Nairobi, acheni kusoma wasifu ambao klipu imeshausema!

Fundi_wa_Ngara: Wadau, hii tabia inaudhi! Kuanzia kumbi za Upper Hill hadi Westlands, klipu ya kumtambulisha mzungumzaji inaisha, halafu mfawidhi anafungua karatasi na kusoma tena shahada na vyeo vilevile vilivyotoka kwenye skrini. Wasifu ni kazi ya klipu. Mfawidhi ana sentensi tatu tu, sekunde 15 hadi 20: ya kwanza ishike picha ya mwisho, ya pili iingie kwenye mada, ya tatu imlete mgeni.

Chukueni klipu ya sekunde 75 ya mhandisi wa maji, inayoishia kwa mama wa Kibera aliyepanga foleni na mtungi. Mfawidhi aseme: "Huyo mama ana bomba mlangoni kwake. Leo tutaelezwa kwa nini halitoi maji. Mpokeeni mhandisi…" kisha jina, na anyamaze. Makofi huanza jina linapotajwa, kwa hiyo neno lolote baada yake linamezwa.

Na ule ukimya wa aibu klipu inapoisha? Mfawidhi ameketi anatazama kama wageni! Aandikiwe maneno ya mwisho ya klipu juu ya karatasi yake. Zikibaki sekunde 10, awe amesimama mahali pake na maikrofoni imefunguliwa.

Jirani_wa_Mixa: Kweli, lakini nasi mafundi tuna lawama. Klipu ikiisha, ukumbi mzima unasoma majina ya faili za laptopu. VLC inaweza kuganda kwenye picha ya mwisho:

```
vlc --fullscreen --no-video-title-show --play-and-pause klipu.mp4
```

Tena, ukichomeka HDMI, mara nyingi laptopu huhamishia sauti kwenye projekta, na fundi anapandisha mixa bure. Jaribuni sauti baada ya kuchomeka, si kabla.

MamaShughuli: Basi klipu iwe dakika 3 na mfawidhi asiseme chochote. Shida imeisha.

Fundi_wa_Ngara: Haijaisha, mama. Wageni watampigia nani makofi, skrini? Na mzungumzaji atajuaje kwamba ni zamu yake kupanda? Ila klipu ikiwa imeshaitaja mada, hapo sawa, sentensi moja na jina zinatosha.

Ruaka_Desemba: Samahani, ya bwana harusi iwe ya dakika ngapi? Shemeji ameituma kwa WhatsApp.

Jirani_wa_Mixa: Dada, hapa tunazungumzia makongamano. Lakini mwambie shemeji aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa, na kwenye skrini kubwa itaonekana ina ukungu.

Fundi, jina silikubali. Klipu nyingi huliandika kwenye skrini mapema, sasa mfawidhi analiweka mwisho la nini?

Fundi_wa_Ngara: Liandikwe, lisitamkwe. Sikio ndilo linaloamsha makofi.

Jirani_wa_Mixa: Na wa safu ya nyuma wasioweza kusoma maandishi hayo, watatazama sekunde 75 bila kujua ni nani?