Nimeuziwa IST iliyozibwa gasketi kwa dawa, muuzaji anasema nililikagua mwenyewe. Nina haki gani?

Alizeti_Nzuguni

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua sheria na wanaojua injini.

Wiki tatu zilizopita nilinunua Toyota IST hapa Dodoma kwa milioni 11.5. Nilikwenda na fundi wangu. Alisikiliza injini, akaangalia oili, tukalizungusha kutoka Area C hadi Kisasa na kurudi, halikuonyesha shida. Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji kwa WhatsApp kama limewahi kuchemsha. Akanijibu kwa sauti: "Dada yangu, hilo halijawahi kuchemsha hata siku moja, injini haijaguswa tangu liingie nchini." Sauti hiyo ninayo. Tukaandikishana mkataba mbele ya wakili, nikalipa kwa benki, umiliki ukabadilishwa.

Siku ya kumi na moja nikapeleka mafuta ya alizeti Iringa. Mtera nilipita vizuri. Kupanda Nyang'oro taa nyekundu ya joto ikawaka na mvuke ukaanza kutoka. Nilizima palepale. Kulivuta kurudi Dodoma kumenigharimu 550,000.

Fundi amefungua rejeta na kukuta tope la kahawia lenye chengachenga, anasema ni dawa ya kuziba uvujaji. Thermostati haipo, imetolewa. Oili imeanza kuwa kama chai ya maziwa. Anataka milioni 1.9 kufungua silinda hedi na kurekebisha.

Muuzaji anasema atanisaidia laki nne "kibinadamu", na kwamba mkataba una kipengele kinachosema nimelikagua gari na kuridhika nalo jinsi lilivyo. Je, kipengele hicho kinanifunga? Na fundi aendelee na kazi? Gari ndilo linaloniingizia riziki.

Bahi_Road

Pole sana dada. Ila ukweli ni kwamba gari la mkononi halina waranti. Ukishasaini "jinsi lilivyo" umekubali na ubovu wake. Ndiyo maana tunaambiwa mnunuzi awe macho. Chukua hizo laki nne uongezee.

Mtumba_Kazini

Mimi yaliyonikuta yanafanana na haya. Nilinunua Noah, kwenda kubadili kadi nikakuta gari lina mkopo wa benki na kadi halisi iko huko. Nilihangaika miezi saba. Dada, hakikisha kadi yako ni halisi na jina limebadilika.

Alizeti_Nzuguni

Asante kaka, lakini kadi iko sawa na jina ni langu. Shida yangu ni injini.

Fundi_Changombe

Dada, mwambie fundi wako asiguse kitu kwanza. Asifungue hedi, asisafishe rejeta.

Nikueleze walichofanya, kwa sababu nimeletewa magari ya namna hii mengi. Gasketi ya hedi ikianza kuvuja, moto wa silinda unaingia kwenye njia za maji na gari linachemsha. Kulirekebisha ni gharama. Anayetaka kuuza haraka anamwaga dawa ya kuziba kwenye rejeta. Dawa inaganda penye ufa na kuuziba kwa muda. Kisha anatoa thermostati ili maji yazunguke muda wote na injini ibaki ya baridi. Kwa safari za mjini hapa, Area C hadi Kisasa, kilomita chache tena tambarare, hutaona kitu hata ukiwa na fundi mzuri. Ila dawa ileile inaziba na vijia vyembamba vya rejeta. Siku unapopanda mlima na mzigo, joto linazidi uwezo wa rejeta iliyoziba nusu na ule ufa unafunguka.

Hiyo thermostati ndiyo muhimu kwako. Dawa mtu anaweza kusema aliimwaga mwenye gari wa zamani. Lakini dawa na thermostati kutolewa, vyote pamoja, hiyo ni kazi ya mtu aliyejua gari linachemsha.

Kuna kipimo cha maji ya bluu, unakiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Hewa ya moshi ikiingia kwenye maji, bluu inageuka njano. Kifanyike mbele ya mtu wa pili na kirekodiwe video. Lakini kabla ya kuwasha, chota maji ya rejeta na oili kidogo kwenye chupa safi uzihifadhi. Na usiliwashe muda mrefu.

Swali: ulipakia mzigo kiasi gani? Atakuja kusema ulizidisha.

Alizeti_Nzuguni

Madumu sita ya lita ishirini, na mimi na mdogo wangu. Basi.

Fundi_Changombe

Hiyo ni kama abiria wawili wa nyuma. IST nzima haichemshi kwa mzigo huo. Tafuta risiti au ushahidi wa idadi ya madumu.

Kibaigwa_Sokoni

Mpeleke polisi huyo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Akilala ndani siku mbili pesa itatoka yote.

Wakili_wa_Makole

Nimesoma yote. Nitaanza na hili la polisi kwa sababu watu wengi huanzia hapo na kupoteza muda. Ni kweli kosa hilo lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, na kumripoti ni haki yake. Lakini jinai hudai kuthibitisha bila shaka yoyote kwamba alijua na alikusudia kudanganya, na mara nyingi utaambiwa kituoni kwamba hayo ni madai. Polisi si wakusanya madeni. Ukimtishia mtu selo ili alipe, unaweza kugeuziwa kibao wewe.

Sasa kipengele cha "jinsi lilivyo". Bahi_Road yuko sahihi nusu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaanza kweli na msingi kwamba mnunuzi ajiangalie. Mtu akiuza gari lake la nyumbani, akakaa kimya, na wewe ukalikagua, kesi yako ni ngumu. Lakini kuna mambo mawili yanayobadilisha hali.

La kwanza ni huyu muuzaji ni nani. Kama biashara yake ni kuuza magari, sheria inaweka sharti hata kama halikuandikwa, kwamba gari liwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ukaguzi wako unamkinga kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kasoro iliyofunikwa makusudi haimo humo. Je, ana magari mengine anayouza?

La pili lina nguvu zaidi kwako. Hukuuziwa kimya. Uliuliza swali mahsusi na ukajibiwa kwa uongo. Hapo tunaingia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17 hadi 19. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au maelezo ya uongo humpa aliyedanganywa haki ya kuutengua mkataba. Na maneno "jinsi lilivyo" hayawezi kumlinda mtu kwa uongo alioutumia kukufanya uyasaini.

Atajitetea kwamba ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Sheria inaupa nafasi utetezi huo kwa baadhi ya mazingira, kwa hiyo jibu lako ni kile alichoeleza Fundi_Changombe: dawa na thermostati vilikuwepo ili ukaguzi wa kawaida usione kitu.

Alizeti_Nzuguni

Asante sana wakili. Nimeangalia ukurasa wake anakotangaza. Tangu mwanzo wa mwaka ameweka magari tisa tofauti. Kwangu alisema ni gari la mke wake.

Wakili_wa_Makole

Hifadhi hayo matangazo leo, kabla hajayafuta. Picha za skrini zionyeshe jina la ukurasa na tarehe. Ile sauti usiihamishe tu kwenye simu nyingine ukaifuta ya awali. Simu yenyewe itunze. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015, lakini utatakiwa kueleza kwa kiapo ulivyopokelewa na kutunzwa.

Kisha amua jambo moja, kwa sababu huwezi kwenda njia zote mbili. Ama unalirudisha gari na kudai milioni 11.5 zako pamoja na hasara, ama unabaki nalo na kudai fidia. Ukitaka kulirudisha, acha kulitumia na mwandikie sasa. Mtu anayegundua udanganyifu kisha akaendelea kulitumia gari mwezi mzima, au akalirekebisha kama lake, anaonekana amelikubali. Hilo ndilo kosa linaloua kesi nyingi za namna hii. Umiliki kubadilishwa hakukuzuii, utarudishwa.

Ukibaki nalo, kipimo cha fidia ni tofauti ya thamani. Mthamini akisema kwamba siku unalipokea lilikuwa na thamani ya milioni 9 kwa injini ile, unadai milioni 2.5 na gharama ya kulivuta 550,000. Usijumlishe tena ile milioni 1.9 ya matengenezo juu yake, utakuwa unadai hasara moja mara mbili.

Bahi_Road

Nakubali hapo kwenye kudanganywa sikulijua hilo. Lakini hizo kesi si zinachukua miaka? Na anadai wapi?

Wakili_wa_Makole

Madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, lakini haki ya kulirudisha gari haisubiri hivyo. Kuhusu mahakama, ya mwanzo hupokea deni la mkataba lisilozidi milioni 30, na ni nafuu. Kwa sababu hapa kuna kutengua mkataba kwa udanganyifu, mimi ningefungua Mahakama ya Wilaya.

Karani_Mstaafu

Hapo natofautiana nawe kidogo mheshimiwa. Nimekaa mahakama ya mwanzo miaka mingi. Akiandika ni deni la fedha zake chini ya mkataba, linapokelewa na linasikilizwa haraka. Neno kutengua si lazima aliandike.

Wakili_wa_Makole

Linapokelewa, mzee wangu, lakini pingamizi la mamlaka likiletwa kwenye rufaa anaweza kuanza upya. Mimi singemwacha abebe hatari hiyo. Na kwa kuwa anaonekana ni mfanyabiashara, malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, yanawezekana sambamba.

Alizeti_Nzuguni

Nimerudi na mrejesho. Nilichagua kulirudisha. Barua niliandika nikieleza kasoro, maneno aliyoniambia, na kwamba namrudishia gari anirudishie fedha ndani ya siku 14. Alisaini kwenye nakala mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kipimo cha maji ya bluu kilifanyika kwenye gereji nyingine na kiligeuka njano, taarifa wameniandikia na kugonga mhuri.

Jambo jingine. Fundi mmoja ameniambia kwamba ndiye aliyetoa thermostati, siku chache kabla sijanunua, kwa maagizo ya muuzaji. Lakini anaogopa kusema mahakamani kwa sababu huyo ni mteja wake.

Jana muuzaji amepiga simu. Amepanda hadi milioni 2, gari nibaki nalo.

Fundi_Changombe

Milioni 2 inatengeneza gasketi kama hedi haijapinda. Ikiwa imepinda au ina ufa, utatafuta injini ya mtumba na hiyo pesa haitatosha. Hedi haijafunguliwa, kwa hiyo hakuna anayejua. Usikubali kiasi chochote kabla ya kupimwa.

Wakili_wa_Makole

Fundi huyo anaweza kuitwa kwa hati ya mahakama, ila shahidi aliyelazimishwa huwa hatabiriki. Kesi yako isimtegemee yeye. Na ukikubali milioni 2, iwe kwa maandishi, ukijua ukisaini umemaliza. Siku 14 zinaisha lini?

Alizeti_Nzuguni

Jumatano ijayo. Nimemjibu kwamba kwanza hedi ifunguliwe mbele yetu sote wawili, kwa fundi ambaye si wangu wala wake. Amesema atafikiria.