Tupeane uzoefu: ulishedi upande usio wake kwenye linia programingi, ukagunduaje?

Mama Tuisheni
Wakuu, jioni nafundisha hesabu za kidato cha nne hapa nyumbani, na kuna karatasi moja imeninyima usingizi. Seremala anatengeneza meza x na viti y. Meza inachukua saa 3, kiti saa 2, na kwa wiki ana saa 42. Viti visipungue mara mbili ya idadi ya meza. Faida ni shilingi 4,000 kwa meza na 4,000 kwa kiti. Mwanafunzi aliandika masharti vizuri kabisa:

```
3x + 2y ≤ 42
y ≥ 2x
x ≥ 0
y ≥ 0
```

Mistari imenyooka, kona zimesomwa sawasawa, jibu ni meza 6 na viti 12, faida 72,000. Nikampa vema. Usiku nikaiangalia tena: kashedi chini ya mstari wa y = 2x, wakati eneo liko juu yake. Nyie mlikuwa mnalinasaje kosa hili kabla ya kukusanya karatasi?

Kidato cha Sita
Mwalimu, shikamoo. Mimi huchukua jibu na kuliingiza kwenye kila sharti. Likikataa hata moja, nimeshedi vibaya. Kwenye moki tulipewa seremala kama huyo huyo, ila meza ilikuwa na faida 10,000 na kiti 4,000. Nikapata meza 14, viti hakuna, faida 140,000. Nikarudi kusoma swali: viti visipungue mara mbili ya meza, na mimi sina hata kiti kimoja. Nilifuta nikashedi upya, ikaja 6 na 12, faida 108,000.

Mama Tuisheni
Marahaba mwanangu. Sasa ingiza jibu la huyu wangu. 18 na 24 ni 42, saa zimetosha. Viti 12 ni mara mbili ya meza 6, sharti limetimia. Linapita kote! Lakini akitengeneza viti 21 bila meza, saa ni zile zile 42, masharti yote yanatimia na faida inakuwa 84,000. Ndiyo maana nilipitiwa.

Mfugaji
Mimi nilikutana na hili kwenye chakula cha kuku. Nilitaka mchanganyiko wa gharama ndogo, protini isipungue kiwango. Grafu ikaniambia gharama ya chini ni sifuri, yaani nisinunue kitu. Nilikuwa nimeshedi kuelekea sifuri badala ya kutoka nje ya mstari. Je, kwa dagaa na soya mnatumia uwiano gani?

Mzee wa Grafu
Mfugaji, la uwiano uliza wenzako wa kuku, ila hiyo sifuri ni dalili nzuri sana kwenye maswali ya kutafuta gharama ndogo.

Mwalimu, jibu la mwanafunzi wako limepita kwa sababu kona ya (6, 12) iko kwenye mstari wenyewe. Mstari ni mpaka, uko kwa jirani huyu na kwa yule pia. Ukigeuza upande, kona hiyo inabaki pale pale, lakini ile bora ya (0, 21) inapotea. Kwa hiyo usipime kona. Weka kidole katikati ya eneo ulilolishedi, mbali na mistari yote, usome nukta. Kwenye grafu yake ni kama (8, 2). Saa ni 28, sawa. Viti 2 dhidi ya meza 8? Sharti limekataa, na umeshajua ni mstari upi ulioharibu.

Nadhani hata chanzo ni kupima kwa (0, 0), kama tulivyowazoesha. Mstari wa y = 2x unapita hapo hapo, hivyo 0 ≥ 0 ni kweli na haikwambii upande wowote. Apime (1, 0): 0 ≥ 2 si kweli, basi upande huo si wetu.

Jirani wa Namanga
Niongeze. Kenya nilifundishwa kushedi upande tusioutaka, eneo letu linabaki jeupe. Nilipohamia shule ya Arusha nikakuta wenzangu wanashedi upande wanaoutaka. Nilisomea kona kwenye eneo la mwenzangu nikidhani ni kosa lake, kumbe wote tulikuwa sahihi. Tangu hapo naandika R ndani ya eneo langu.

Kidato cha Sita
Kwa hiyo huyo wa mwalimu anapata alama ngapi?

Mama Tuisheni
Nimempa za masharti na za mistari. Ya eneo na ya jibu nimeziondoa.

Jirani wa Namanga
Mwalimu, za kona usimnyime. Kona za eneo alilochora amezisoma sawasawa.

Mzee wa Grafu
Mimi ningemnyima. Kona ya (14, 0) haimo kwenye swali.