Hakimiliki yote kwa pesa zaidi, au leseni ya siku 90?

Mwanakalamu: Wadau, nina mikataba miwili ya kuandikia blogu. Wa kwanza unalipa 40 kwa makala. Hakimiliki inahamia kwa mteja nikishasaini, na nalipwa siku 30 baada ya makala kuchapishwa. Wa pili unalipa 30; mteja ana leseni ya kipekee ya siku 90, kisha naweza kuiuza kwingine. Nalipwa siku 30 baada ya mhariri kuipokea, na akiifuta nalipwa nusu. Mngechukua upi?

Zamda: Wa kwanza. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika, hata usipoisajili. Hakuna wa kukunyang'anya.

Kalamu_Kongwe: Dada Zamda, hilo la kusajili ni kweli, lakini saini yake ndiyo itakayoihamisha. Tuseme mhariri amebadili mawazo na makala haichapishwi. Zile siku 30 hazianzi kamwe, kwa hiyo hana tarehe ya kudai, na makala si yake tena hata aipeleke kwingine.

Piga hesabu ya makala nne. Moja ikifutwa, wa kwanza unatoa 120 na wa pili 105. Mbili zikifutwa, ni 80 kwa 90. Kwa hiyo uliza kwanza huyo mteja hufuta mara ngapi.

Msafiri77: Mimi mteja aliondoa jina langu akaweka la bosi wake. Nidai vipi?

Kalamu_Kongwe: Msafiri, hilo ni suala la kutajwa jina, tofauti na haya. Angalia kama mkataba wako unalitaja, kisha lifungulie mada yake.

Mwanakalamu: Nikitaka ule wa 40, niombe wabadilishe nini?

Kalamu_Kongwe: Sentensi mbili tu: "Hakimiliki itahamia kwa mteja baada ya mwandishi kupokea malipo kamili." Na: "Malipo ni siku 30 tangu rasimu ipokelewe; isipojibiwa kwa siku 14, itahesabiwa imepokelewa." Wakikubali ya kwanza pekee, angalau isipochapishwa makala inabaki yako.

Hata wa pili una tundu. Siku 90 zinahesabiwa tangu lini? Kama ni tangu kuchapishwa, makala iliyofutwa inaweza kukwama hapohapo. Iandikwe kwamba ikifutwa, haki zote zinarudi kwako siku ileile.

Mwanakalamu: Kweli, haijasema. Tena imeandikwa nusu hailipwi kama makala "haikuridhisha".

Kalamu_Kongwe: Hapo ndipo wengi huumia, maana neno hilo halina kipimo. Omba iandikwe kwamba utapewa nafasi mbili za kurekebisha kwa maelezo ya maandishi, ndipo waseme haikuridhisha.

Zamda: Nimekuelewa kuhusu saini. Ila hiyo haki ya kuuza tena naona inakuzwa mno. Blogu nyingi hazitaki makala iliyokwisha kutoka kwingine.

Kalamu_Kongwe: Ikiwa neno kwa neno, ndiyo, ni vigumu. Mimi huzikusanya kuwa kitabu.

Zamda: Na asiye na mpango wa kitabu? Bado sioni kama siku 90 zina thamani ya ile 10 anayoiacha kila makala.