Naombeni ushauri: nikizima data baada ya kutua, bili haitanikuta?

Nuru_ya_Asubuhi
Wakuu, habari za muda huu. Nasafiri nje ya nchi wiki ijayo, ni mara yangu ya kwanza, na usingizi umekata kwa sababu ya simu. Nasikia watu wanarudi na kukuta bili ya kuuza shamba, na wanaapa hawakufungua chochote. Mimi nimepanga kuzima data nikishatua, wakati nasubiri begi. Kuna mwenzangu kanikazania kwamba nizime kila kitu kabla ya kutua. Hizo dakika chache zina tofauti gani kweli?

Mzee_wa_Kigoda
Mwanangu, zima simu uangalie nchi za watu. Sisi tulisafiri na anwani zimeandikwa kwenye karatasi na tukafika. Siku hizi mtu hajashuka ngazi za ndege, tayari anatafuta mtandao.

Chapchap
Mbona rahisi. Nunua eSIM ya safari, ile laini isiyo na kadi, ingia Settings, zima Data Roaming, yaani data ya ugenini, kwenye laini zote. Mchezo umekwisha.

Fundi_Mnara
Chapchap, ukizima kwenye laini zote, hata eSIM yenyewe inaweza isikupe mtandao. Nyingi za safari ni laini za nchi nyingine zinazopanda minara ya wenyeji, kwa hiyo zenyewe zinahitaji Data Roaming iwe imewashwa. Ndiyo maana kuna watu wanabaki uwanjani wakidhani wametapeliwa.

Nuru, dakika hizo zina tofauti kubwa. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege, kazi zake zinajipanga foleni: picha za kupakia, barua pepe, apu zinazotaka kusasishwa. Ukiitoa tu kwenye hali hiyo, inashika mnara na foleni yote inaamka, hata kama kioo kimezimwa na simu iko mfukoni.

Lakini kabla sijaenda mbali: laini yako ni ya kuweka salio au ya kulipa mwisho wa mwezi? Jina kwenye bili ni la nani? Una laini ngapi?

Nahodha_Msafiri
Mimi yangu ilinikuta melini. Tukiwa katikati ya bahari simu ikaonyesha mtandao, nikafurahi. Kumbe ule ni mnara mdogo wa meli unaopita kwenye setilaiti, na bando langu la nje halikuuhusu. Nimelipa ile bili kwa awamu.

Nuru_ya_Asubuhi
Shikamoo Mzee, nimekusikia, ila huko naenda kwenye mafunzo na ratiba inatumwa WhatsApp. Pole Nahodha, mimi naenda kwa ndege. Fundi, laini ni ya kawaida tu.

Fundi_Mnara
Baadhi ya ndege nazo zina mnara kama huo, kwa hiyo usitoe hali ya ndege hadi mmesimama. Na "ya kawaida" hainisaidii, dada. Laini ya salio ikiisha imeisha, hasara inaishia hapo. Ya kulipa mwisho wa mwezi inaweza kuendelea kuhesabu bila wewe kujua. Ni ipi?

Nuru_ya_Asubuhi
Ya mwisho wa mwezi. Iko kwenye akaunti ya kaka yangu, yeye ndiye analipa. Sijamwambia kwamba naondoka nayo kwa sababu benki yangu inatuma namba za uhakiki kwenye laini hiyo, siwezi kuiacha. Pia eSIM nimeshanunua na kuiweka. Maelekezo yake yanasema washa Data Roaming, nikawasha zote mbili. Nilifikiri laini ya kaka initoe pale uwanjani mpaka eSIM ishike. Ni dakika mbili tatu tu, sioni ubaya.

Fundi_Mnara
Sasa umesema. Hilo la kuwasha zote mbili ndilo jambo lenyewe. Maelekezo yanamaanisha laini ya eSIM peke yake, na kila laini ina kitufe chake.

Chukua mfano. Umewarekodi watu wa nyumbani wakikuaga, video ya dakika 3 kwa 4K. Kwenye iPhone, kwa mpangilio wa fremu 30, dakika moja ni kama MB 170, hivyo hapo una MB 510 zinazosubiri kupanda iCloud. Ukitua laini ya kaka ikiwa ndiyo ya data, na simu imeruhusiwa kupakia picha kwa data, mtandao ukiwa mzuri dakika zako mbili tatu zinatosha. Kaka atalipa bei ya MB moja ya ugenini mara 510, na wewe hujafungua kitu.

Kwa hiyo usiku wa kabla ya safari, ukiwa kwenye waifai, acha picha zimalize kupanda. Halafu ingia Mobile Data, chagua eSIM kuwa laini ya data, na uzime Allow Mobile Data Switching, maana hicho huruhusu simu kuhamia data ya laini nyingine. Fungua laini ya kaka, zima Data Roaming, lakini laini yenyewe iache hewani. Meseji za benki zinapita bila data. Fungua eSIM, washa Data Roaming na uwashe Low Data Mode, ambayo husimamisha masasisho ya apu na upakiaji wa picha. Mwisho General, kisha Background App Refresh, weka Wi-Fi.

Simu za sauti ni suala jingine. Kupokea kwenye laini ya kaka kunaweza kutozwa, hata data ikiwa imezimwa. Usipopokea, ikahamia kwenye sanduku la sauti, unaweza kutozwa pia. Kabla ya kuondoka piga ##002# kufuta uhamishaji wa simu.

Jicho_Kali
Wakuu, hii ni chai. Mwanzo hajui hata dakika za kutua zina nini, sasa ana eSIM, ana kaka, ana benki. Kesho atataja eSIM ya nani na mahali pa kuinunua. Weka picha ya Settings tuone.

Chapchap
Hata mimi nimeanza kuhisi tangazo.

Nuru_ya_Asubuhi
Siweki picha, namba ya kaka inaonekana. Na eSIM sijaitaja wala sitaitaja. Nilificha habari ya kaka kwa sababu nilijua mtanisema, na sioni kosa kutumia laini ambayo ni namba yangu ya miaka yote.

Mzee_wa_Kigoda
Chai au si chai, anayelipa aambiwe. Kaka ndiye mwenye akaunti, anaweza kuomba mtandao wake ufunge data ya nje au uweke kikomo.

Fundi_Mnara
Mzee amesema kweli, na iwe kabla ya safari. Kumbukumbu za matumizi zinatoka mtandao wa ugenini kwenda wa nyumbani, na huchelewa, kwa hiyo usitegemee meseji ya onyo. Tegemea simu yako: chini kabisa ya Mobile Data kuna Reset Statistics, ibonyeze kabla ya kupanda ndege. Ukitua, tazama Current Period Roaming na orodha ya apu. Namba hiyo itapanda kwa sababu ya eSIM, sawa, ila ikiruka makumi ya MB hujagusa kitu, kuna apu inakula.

Nuru_ya_Asubuhi
Nimezima Data Roaming ya laini ya kaka na ile Switching. Sasa, eSIM isiposhika kabisa nikiwa uwanjani?

Fundi_Mnara
Tumia waifai ya uwanja kuwaandikia waliokuuzia. Ratiba ya siku ya kwanza na ramani zipakue ukiwa bado nyumbani. Laini ya kaka usiiguse.

Nuru_ya_Asubuhi
Na kaka nimwambie sasa, au nikisharudi?

Nahodha_Msafiri
Jamani, kwenye Android hiyo Switching inakaa wapi?