Mrejesho: neno badala ya "msaidizi" kwenye tangazo la kazi

Swali langu: "Natangaza nafasi ya msaidizi wa fundi seremala. 'Msaidizi' limejirudia mno. Niweke neno gani bila kupandisha wala kushusha cheo?"

Asanteni sana kwa michango. Tangazo limekamilika, na kichwa kimebaki "Msaidizi wa Fundi Seremala". Neno lililokubali kukaa badala yake ni moja tu, "saidia fundi": ngazi ni ileile, na mafundi wote wanalielewa. Nimeliweka mara moja kwenye maelezo, maana kichwani lina sauti ya mtaani.

Mengine yanahamisha nafasi. "Fundi msaidizi" ni fundi tayari, aliye chini ya fundi mkuu. Atakuja na randa zake na kudai malipo ya ufundi. Angalieni mpangilio huo hata ofisini: mhasibu msaidizi ni mhasibu, msaidizi wa hesabu siye. "Kibarua" linageuza ajira kuwa ya kutwa, na "mwanagenzi" linaahidi mafunzo. "Naibu" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu naibu hushika nafasi ya mkubwa wake asipokuwepo.

Kwingine nimeondoa jina na kuacha kitenzi kibebe maana. Palipokuwa na "Msaidizi atamsaidia fundi katika kazi za mbao" sasa pako hivi:

"Atakayeajiriwa atabeba na kupanga mbao, atapiga msasa na kusafisha karakana. Kupima na kukata ni kazi ya fundi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayolinda cheo. Bila hiyo, hata "msaidizi" hupanda.