Naomba ushauri: kodi ya F inanigomea kwenye gitaa

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala, najifunza gitaa la kavu peke yangu, dakika 15 kila usiku. Najirekodi kwa simu, na rekodi haina huruma: nikitoka C kwenda F ya kubana nyuzi zote, naingia nimechelewa na uzi wa 2 haulii. Nimekata kipande hicho tu, nakirudia na metronomu. Kwa 60 kinatoka safi, 80 kinaharibika. Ajabu, umbo hilohilo freti ya 5 linalia lote.

Je, nyuzi zimekaa juu mno pale kichwani, nimpelekee fundi? Na nibaki 60, au niwahi pigo hata uzi ukifa?