Bi mkubwa amepata kiharusi, ngazi za nyumba ya kupanga zinamshinda. Nijenge rampu? (Moshi)

Mwana_wa_Pasua: Wakuu habari za jioni. Nimempangia bi mkubwa nyumba Pasua, alipata kiharusi mwaka jana upande wa kushoto, saa hizi anatembea na mkongojo taratibu. Shida ni mlangoni, kuna ngazi 3, kila moja sentimita 15, kushuka mpaka anishike bega. Toka ngazi ya mwisho hadi geti ni kama mita 2 na nusu tu. Mwenye nyumba kasema nirekebishe ninavyotaka ila hela yangu. Nataka rampu ya zege, nianzie wapi?

Babu_Kiboko: Rampu ya mita 2 inatosha kabisa, zege likikaribia kukauka unaliparuza na fagio lisiteleze, umemaliza.

Fundi_Majengo: Kuparuza sawa, ila mita 2 hapana mkuu. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo 45 zako zinataka mita 5 na senti 40, utatokea barabarani. Ukiibana hapo inakuwa kali, mvua ikinyesha na lile tope jekundu kwenye ndala mama anaserereka. Halafu mama anatembea, hayuko kwenye kiti. Mguu ukiwa dhaifu, mteremko unausumbua kuliko ngazi fupi. Vunja hizo, jenga kimo cha sentimita 9 mara tano, sehemu ya kukanyagia sentimita 50, miguu yote miwili ikae apumzike. Zinakuwa vikanyagio vinne, mita 2 kamili, kimo cha tano ndo anaingia barazani. Vimo vyote vilingane, kimoja kikizidi hata kidogo ndo cha kujikwaa.

Dada_Njiro: Mimi baba yuko kwenye wheli cheya huku Arusha, rampu tunayo lakini mlango wa choo ndo haupiti 😩 pimeni na milango jamani

Mwana_wa_Pasua: Pole dada. @Fundi_Majengo bomba la kushikia si niweke upande wa kulia tu, kwenye mkono mzima?

Fundi_Majengo: Weka pande zote. Akipanda anashika la kulia, akishuka kageuka, kulia kwake ni upande wa pili. Chukua bomba la chuma la inchi 1 na robo, nene sana mkono wa mzee haulizunguki. Msimamishe mama na viatu vyake, mkono ulegee, bomba lipite usawa wa kifundo cha mkono. Nguzo zizikwe kwenye zege, usifunge kwenye plasta, skrubu zinang'oka siku anayoegemea kwa nguvu. Na anapanda kwa mguu mzima kwanza, kushuka anatanguliza ule mbovu.

Mpangaji_Sugu: Ukihama hizo ngazi anabaki nazo nani? Andikishaneni akate kwenye kodi.

Mwana_wa_Pasua: Nilishamgusia akacheka tu 😅 Jumamosi fundi welda anakuja kupima, ntarudi na mrejesho.